Soma Kwa Sauti, Mzee Nehemiah

Phelista aliposikia sauti ya Nehemiah kwenye simu, alicheka peke yake katika kibanda chake cha kurekebisha kompyuta pale Matisi, Kitale. Miezi miwili alikuwa akiisubiri simu hiyo. Nehemiah, meneja wa zahanati moja ya binafsi huko Bungoma, alimfuta kazi ya kutunza kompyuta mbele ya wafanyakazi wote wakati wa maombi ya asubuhi, akisoma jina lake kwa sauti. Alidai Phelista amekata mtandao wa maabara makusudi. Tangu hapo hakuna ofisi iliyomtaka, maana jina likishachafuka, limechafuka!

"Dadangu, maabara haioni faili za wagonjwa tena. Njoo, tafadhali."

"Nitakuja kesho wakati wa maombi. Wote wawepo, la sivyo tafuta mwingine."

Asubuhi aliwakuta wamekusanyika mapokezi, penye kompyuta inayohifadhi faili. Chelangat wa maabara hakuthubutu kumtazama.

"Toa tu hiyo antivirus, bana," Nehemiah akasema, akiinyooshea kidole programu ya ulinzi kwenye skrini.

"Ati nitoe? Wezi waingie kwa faili za wagonjwa?"

Alienda kwanza na Chelangat maabara kujaribu intaneti. Ilifungua, kwa hivyo waya wa maabara ulikuwa mzima. Akarudi mapokezi, akachomoa waya unaoleta intaneti kutoka nje, akasimamisha ukuta wa ulinzi wa antivirus kwa dakika moja. Chelangat akapiga kelele kutoka maabara, "Imefungua!" Phelista akaurudisha, na maabara ikakwama tena. Basi, mchawi alikuwa amepatikana.

Akafungua kumbukumbu za antivirus. Ilikuwa imejisasisha usiku wa kuamkia jana, ikauwasha tena ukuta wake, ikauhesabu mtandao wa zahanati kama wa hadharani, usioaminika, ikaizuia programu ya faili. Phelista akauweka mtandao huo kuwa wa kuaminika, akairuhusu programu ile moja tu, akarudisha waya. Ulinzi ukabaki umewashwa, na maabara ikafanya kazi.

Nehemiah akashusha pumzi. "Mungu akubariki."

"Bado, Mzee." Alirudi nyuma katika kumbukumbu hadi Agosti, siku ile aliyofutwa kazi. "Soma. Kwa sauti, vile ulisoma jina langu."

Nehemiah akakohoa. Akasoma kwamba saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi antivirus iliwekwa, aliyeiweka: Nehemiah. Dakika mbili baadaye, programu ya faili ilizuiwa.

"Mimi niliingia kazini saa mbili," Phelista akasema. "Na mstari unaofuata?"

Akasoma kwa shida: siku mbili baada ya kumfukuza, ukuta wa ulinzi ulizimwa kabisa, na maabara ikaunganika tena. Aliyeuzima: Nehemiah.

"Kwa hivyo ulijua," Chelangat akasema polepole. "Ulijua siku hiyo uliyouzima, na ukanyamaza."

Phelista akafunga begi lake.

"Sasa endeleeni na maombi," akasema.

Hakuna aliyefumba macho.