Chai ya Mdogo Wake

Mwonjaji hakuwa na upendeleo. Miaka ishirini katika ghala la wanunuzi wa chai, kila chai aliipima kwa kipimo kimoja: majani kidogo kikombeni, maji yanayotokota, dakika sita. Mnywaji wa kawaida haiachi chai muda wote huo, lakini yeye aliiacha makusudi, ili kasoro isipate pa kujificha.

Siku hiyo vikombe vilikuwa kumi. Tisa vilikuwa vya chai nyeusi. Cha kumi kilikuwa cha chai ya kijani ya mdogo wake, aliyeuza ng'ombe wake wote kununua mashine ya kukaushia majani. Ghala likiikubali, angepata soko la mwaka mzima.

"Hiyo ya mwisho si ya nyumbani kwenu?" bosi akauliza. "Tusije tukanunua undugu." Wapakiaji wakacheka.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Dada, hiyo nimeikausha kwa moto mara tu ilipochumwa, haikuachwa igeuke nyeusi. Maji yapoe kwanza. Dakika mbili zinatosha."

"Wenzako hawakuja na masharti," akamjibu, bila kumtazama.

Alikuwa amewahi kusikia habari hizo za chai ya kijani. Lakini macho ya watu yalikuwa mgongoni mwake, naye akamimina maji yakiwa bado yanatokota.

Dakika sita zilipokwisha, akafyonza kijiko kimoja kwa sauti. Ulimi ukakauka kama umelamba gome la mti. Akatema kwenye kopo. "Chungu," akasema. Bosi akaandika: imekataliwa.

Mdogo wake hakubisha. Akaenda jikoni kwa wafanyakazi, akachemsha maji, akayaacha mpaka mvuke ukapungua, ndipo akamimina juu ya majani. Dakika mbili tu, akachuja, akamwita jikoni.

"Onja, dada."

Akaonja. Ilikuwa laini, na utamu wake ulibaki mdomoni hata baada ya kumeza. Majani yale yale. Maji makali ndiyo yaliyokamua uchungu wote, na zile dakika sita zikamalizia.

"Sasa?" mdogo wake akauliza.

Bosi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, kalamu bado mkononi. Mwonjaji akatazama mlango, akasikia kicheko cha wapakiaji kabla hata hawajacheka.

"Nimeshatamka," akasema. "Nikigeuza, watasema nimekubeba."

"Lakini ni nzuri?"

Akaweka kikombe mezani.

"Niambie mimi tu, dada. Sitamwambia mtu."

Hata neno hilo halikumtoka. Mdogo wake akachukua kikombe, akamwaga kilichobaki, akakiosha, akakifuta kwa shati lake kwa sababu kitambaa hakikuwepo, akakirudisha kabatini.

Mashine akaiuza kama chuma chakavu. Walipoonana tena ilikuwa kwenye mazishi ya mama yao. Walipeana mkono kama watu wanaofahamiana kwa sura, na dada alipotaka kumwambia kwamba chai ile ilikuwa nzuri, mdogo wake alikuwa ameshaenda kuwasaidia wabeba viti.