Herufi Themanini za Lori

Kazi yangu ni kuandika yale maneno mafupi unayoyasoma dukani kwenye simu kabla hujapakua mchezo. Duka linakupa herufi themanini, nafasi na nukta zikiwemo, uzitumie kumshawishi mtu asiyekujua. Nimeifanya miaka sita na ninaiweza, hilo nalisema bila haya. Ndiyo maana iliniuma sana kuona kwamba aliyekaribia kuuzamisha mchezo wa wifi yangu ni mimi mwenyewe.

Mchezo ni wa kupakia lori. Familia inahama, nawe unapanga kitanda, kabati, friji na godoro ndani ya lori mpaka mlango ufunge. Wifi yangu ndiye aliyeuunda na kaka yangu akachora picha. Wifi aliacha kazi katika ofisi ya bima kwa ajili yake, na bosi wake, mama mmoja mwenye huruma, alimwambia atamwekea kiti chake miezi sita. Miezi hiyo ilikuwa inaisha Jumatatu saa sita mchana. Mchezo ukionekana hauna watu, wifi angerudi bima, na kila mtu nyumbani alijua kwamba akirudi hatatoka tena.

Nilikuwa nimeandika hivi: "Mbio kali za malori! Endesha, kwepa, shinda. Mchezo wa kusisimua!" Kwenye vitambulisho, yale maneno ya aina ya mchezo ambayo duka linakuchagulisha kutoka orodha yake, nikaweka mbio na mapigano. Mbio, kwa sababu kuna hatua moja ambayo lori linashuka mlima kwa sekunde ishirini. Mapigano sina utetezi.

Watu walipakua kweli. Halafu wakaanza kusema. "Nilitaka mbio, nikapewa kabati." "Dakika kumi natafuta breki, kumbe natakiwa kupanga sufuria." Nyota zikashuka kutoka nne na nusu hadi tatu na kidogo, na katika kila watu mia waliopakua, tisa tu ndio waliofungua tena kesho yake.

Jumanne asubuhi nilifika kwao nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Wifi alikuwa mezani na kompyuta yake, kaka akimenya viazi karibu naye. Nilitamani wifi anigombeze, lakini alinisogezea kiti.

"Wifi, kaa. Tunaandika upya."

"Nisamehe kwanza."

"Nitakusamehe tukimaliza. Ukisamehewa mapema utalegea."

Kaka akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. Nami nikacheka, na kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Wifi alikuwa tayari ameandika tangazo lake: "Hakuna mbio. Hakuna vita. Ni kabati, kitanda na lori tu." Alilisoma kwa fahari ya mtu aliyeungama dhambi zisizo zake.

"Ni kweli tupu," nikamwambia, "na hakuna atakayeuona mchezo. Mtu anayependa michezo ya namna hii anatafuta neno gani? Anaandika mafumbo. Wewe mafumbo hujayataja, ila umetaja mbio na vita, vitu ambavyo huna. Unamfukuza mgeni wako na kumwita asiye wako."

Akaifuta sentensi yake. "Sawa. Neno la aina liwepo. Lakini kila neno tutakaloweka, utanionyesha lilipo ndani ya mchezo."

Akaniwekea simu mkononi. Ukawa ndio utaratibu wa siku nzima: mmoja anapendekeza neno, mwingine anasema "nionyeshe". Mafumbo nilimwonyesha bila shida, maana kila hatua ni fumbo. Kaka akataka kitambulisho cha uigaji, ile michezo inayofuata mambo yalivyo duniani.

"Lori si lipo?" akauliza.

"Lipo. Nionyeshe uzito," mkewe akamjibu. "Umeweka friji juu ya mto na mto haukubonyea."

"Mto mgumu huo."

"Toa."

Nikasema bila saa, maana hakuna muda unaokukimbiza. Wifi akaniacha niangalie skrini dakika tano nzima kuthibitisha, na kweli hakuna kilichonihimiza isipokuwa njaa. Nikasema bila intaneti. Akazima data, akafungua mchezo, ukacheza. Nikasema mafumbo mia na ishirini, kwa sababu ndiyo hesabu tuliyokuwa tukiitaja tangu mwanzo. Kaka akaacha kumenya viazi.

"Mawili niliyafuta," alisema taratibu. "Yale ya ngazi. Hayakuwa yanatatulika."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Basi mia na kumi na nane," wifi akasema.

"Mia na ishirini inapendeza zaidi machoni," nikajaribu. Mazoea yana taabu. Akanisogezea kompyuta, nikaandika 118.

Mwishowe tangazo likasimama hivi: "Panga vyombo vya nyumba ndani ya lori. Mafumbo 118, bila saa, bila intaneti." Tukahesabu herufi sabini na sita. Kaka akaona zimebaki nne na akasema neno "poa" linaingia pamoja na nafasi yake. Wifi akakataa, akisema hilo ni la mchezaji kusema. Vitambulisho vinaruhusiwa vitano. Tukaweka mafumbo, mchezaji mmoja na bila intaneti, tukaishia hapo, kwa sababu hakuna anayekulazimisha kujaza vyote. Wifi akatuma, duka likakagua, na Jumatano jioni maneno yetu yalikuwa hewani. Hapo ndipo aliponisamehe, kwa sahani mbili za viazi.

Alhamisi waliopakua walipungua nusu. Ijumaa wakapungua tena kidogo. Nilikuwa nimemsaidia wifi kusema kweli na kweli ilikuwa inamrudisha ofisini. Jumapili sikuthubutu hata kumpigia.

Jumatatu saa tano nilikuwa mezani kwao tena. Wifi akafungua takwimu, akasoma kwa sauti isiyotikisika kuwa waliopakua ni nusu ya zamani. Akashuka mstari mmoja chini. Katika kila mia, waliorudi kesho yake walikuwa thelathini na wanane, si tisa tena. Akarudia kusoma, kisha akampa kaka asome, kana kwamba namba zinabadilika zikisomwa na macho mengine. Nyota zilikuwa zimepanda kidogo tu, lakini maoni mapya yalikuwa ya watu wengine kabisa. Mmoja aliandika kwamba yeye kazi yake ni kuhamisha watu, na kwamba kabati la hatua ya sitini analijua kwa jina.

Saa sita kasoro robo simu ikaita. Ilikuwa sauti ya bosi, na wifi akaiweka tuisikie sote.

"Mwanangu, kiti bado kipo. Unarudi?"

"Shikamoo mama. Hapana, sirudi. Mpe mwingine, na Mungu akubariki kwa kuningoja."

"Sitakulazimisha. Lakini niambie, hicho kitu kinachokuchukua kwangu ni nini hasa? Mwanzo niliona kimeandikwa mbio za malori nikasema huyu mtoto kachanganyikiwa."

Wifi akanitazama, akavuta pumzi. "Unapanga vyombo vya nyumba ndani ya lori. Mafumbo mia na kumi na nane, bila saa, bila intaneti."

"Basi?"

"Basi, mama."

Tulisikia kiti kikisogezwa kule ofisini, na mlango ukifungwa taratibu.

"Nina dakika kumi na tano kabla ya kikao," bosi akasema kwa sauti ya chini. "Naupataje?"