Laki Moja Inayohesabiwa

Masalu alifika ofisini kwa wakili akiwa amechelewa saa nzima, na bado akasimama mlangoni amalizie kuongea na simu. Anacheka kabisa. Mimi siku ambayo nyumba yangu iko mezani sichekicheki na watu, kwa hiyo nilimchukia hata kabla hajakaa.

Baba yake, Mzee Mayala, alikuwa ameshakaa muda mrefu kwenye kiti cha pembeni, fimbo katikati ya magoti. Nilimpa shikamoo yake nilipoingia, akaitikia, "Marahaba, Mama Ogweno," lakini macho yake yalikuwa dirishani. Wakili wetu, Rebeka, ndiye aliyeandika mkataba miaka mitatu iliyopita, na ada yake tulichanga pande zote mbili. Alinitengea kiti akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba mchana. Mkataba ulikuwa unakufa saa kumi jioni siku hiyohiyo.

Ngoja niueleze, maana watu wengi wananiambia walishawahi kuusikia ila hawakuuelewa. Mimi naitwa Akumu, nauza dagaa soko la Kirumba. Mtu wa dagaa akienda kuomba mkopo wa nyumba anaulizwa mshahara wake uko wapi, anarudi nyumbani na harufu yake. Sasa Mzee Mayala alikuwa anataka kurudi kwao Misungwi kufuga, na ana nyumba Nyegezi, vyumba vitatu na uwa. Bei, milioni arobaini. Tukakubaliana nipange huku nanunua. Nilimpa milioni nne mwanzoni. Hiyo siyo kodi, siyo dhamana ya vitasa na madirisha. Ni malipo ya kunishikia nyumba, asimuuzie mtu mwingine kwa miaka mitatu, na bei isipande hata shilingi. Nikinunua, inakatwa kwenye bei. Nisiponunua, imekwenda, hairudi.

Halafu kodi. Nyumba kama ile jirani zangu walikuwa wanalipa laki mbili. Mimi nililipa laki tatu. Laki mbili kodi, laki moja inahesabiwa kwenye bei. Miezi thelathini na sita, laki mojamoja, ni milioni tatu na laki sita. Piga hesabu mwenyewe: arobaini, toa nne, toa tatu na laki sita, zinabaki milioni thelathini na mbili na laki nne. Ishirini na tano nilikopeshwa na SACCOS yetu ya wauza samaki, nyingine nilijinyima mpaka mume wangu Ooko akawa ananiita jiwe. Asubuhi ile hela zote zilishaingia akaunti ya mzee. Barua ya kusema nanunua nilishaipeleka miezi miwili nyuma, kwa sababu Rebeka alinisumbua: usipotoa taarifa kwa maandishi, hata uwe na gunia la hela, hujanunua. Nikajua nimemaliza. Nimekuja kusaini tu.

Masalu akakaa, akafungua begi lake, akatoa karatasi.

"Mama, kuna upungufu wa milioni mbili."

"Upungufu wa nini?"

"Kodi zilizochelewa. Kifungu cha saba. Soma mwenyewe."

Sikusoma, nilimwangalia Rebeka. Akasoma yeye, polepole, na nikaona uso wake unabadilika. Kodi ikilipwa kufikia tarehe tano, laki moja inahesabiwa. Ikilipwa baada ya hapo, laki tatu yote inakuwa kodi tupu.

"Miezi ishirini umelipa baada ya tarehe tano," Masalu akasema. "Meseji za simu zina tarehe. Kwa hiyo tunahesabu miezi kumi na sita tu. Baki ni thelathini na nne na laki nne. Umeleta thelathini na mbili na laki nne."

Jamani! Unajua kwa nini nilichelewa? Dagaa hawavuliwi kwa tarehe. Dagaa wanavuliwa giza. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inalala mwaloni, kando ya ziwa, na sisi tunalala na mifuko mitupu. Sasa mbalamwezi haijui tarehe mosi wala tarehe tano. Leo inaangukia mwanzo wa mwezi, baada ya muda inaangukia katikati. Ikiangukia mwanzo, mimi hela sina mpaka giza lirudi. Na nilimwambia Mzee Mayala hivyohivyo, mwezi wa pili tu wa kupanga. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Usihangaike, mwanangu. Lipa giza likiingia. Mimi sikimbii na wewe hukimbii." Kila nilipochelewa alinijibu, "Nimepata, asante." Hakuna hata mara moja aliyolalamika. Na mimi, mpumbavu mwenye midomo mirefu, sikumwambia aandike.

"Mzee," nikamgeukia, "si uliniambia nilipe giza likiingia?"

Mzee Mayala akazungusha fimbo kwenye sakafu.

"Baba ana umri," Masalu akajibu badala yake. "Usimchanganye. Na kifungu cha kumi na mbili kinasema hakuna kubadilisha mkataba kwa mdomo. Una maandishi?"

"Sijakuuliza wewe! Namuuliza mwenye nyumba!"

"Mama, huku siyo sokoni."

Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nilitaka kumwambia maneno ambayo nikiyasema Kirumba hata wabeba mizigo wanasogea. Nimepaka rangi nyumba ile. Nimebadilisha bati za upande wa jikoni kwa hela yangu, kwa sababu mkataba ulisema matengenezo ni ya kwangu, na nilijiambia natengeneza changu. Leo kijana huyu ananitoa kwa hesabu ya vidole. Nikachukua mkoba.

"Naenda Baraza la Ardhi. Tutaonana huko huko."

Masalu hakunizuia. Tena alijisogeza ili nipite vizuri. Ni Rebeka aliyezunguka meza akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye korido na kufunga mlango.

"Kaa kimya unisikilize," akasema. "Hujui kwamba ndicho anachotaka?"

"Anataka nini?"

"Utoke. Ukitoka sasa hivi, saa kumi inafika hujalipa yote. Haki yako ya kununua inakufa. Milioni nne imekwenda, na hizo laki zote zinakuwa kodi. Barazani utazungushwa mwaka mzima, na wewe ni mpangaji ambaye mkataba wake umeisha. Unajua nyumba za Nyegezi sasa zinauzwa ngapi?"

Nilikuwa najua. Jirani aliuza milioni sitini na tano.

"Kwa hiyo niwape milioni mbili za bure?"

"Walipe huku unapinga. Nitaandika kwamba umelipa chini ya pingamizi, na madai yako yako palepale. Kugombana utagombana ukiwa mwenye nyumba. Saa haisimami kwa sababu wewe una haki."

Yawa! Nililia pale kwenye korido, sioni aibu kusema. Nililia kwa hasira, maana nilijua milioni mbili ziko wapi. Ziko stoo, kwenye magunia. Nilikuwa nimekausha mzigo wote wa giza lililopita nikisubiri bei ipande, na giza jipya linaanza wiki hiyohiyo. Mtaji wangu wote wa kununulia mzigo mpya ndio ule.

Mwenye hela taslimu sokoni ni Justa, muuza dagaa mwenzangu na mpinzani wangu. Nikampigia Ooko. "Nenda kwa Justa. Mwambie achukue magunia yote, milioni mbili, taslimu, sasa hivi."

"Yana thamani ya tatu na zaidi!"

"Ooko."

"Justa mwenyewe atatucheka mwaka mzima."

"Acheke. Panda bodaboda uje na hela."

Nikarudi ndani, nikainua kiti changu, nikakaa. Masalu akashangaa kuniona. "Hela zinakuja," nikamwambia. Akaangalia saa. Akaanza vituko: mara anataka kwenda kula, mara baba amechoka warudi kesho. Rebeka akamjibu bila kuinua kichwa kwamba muuzaji akiondoka kabla ya saa kumi, ataandika kuwa mnunuzi alikuwepo na muuzaji amekimbia. Masalu akakaa. Mimi niliuma ulimi. Wanaonijua wanajua hiyo ni kazi kubwa kuliko kuanika dagaa wa mitumbwi kumi.

Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Simu ya Ooko haipokelewi. Nilimuomba Mungu wa mama yangu kule Shirati, nikaomba na msamaha kwa maneno ambayo sijayasema bado. Mzee Mayala alikuwa anapumua kwa sauti, nami kila nikimwangalia anahamisha macho.

Robo saa kabla ya saa kumi Ooko akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa nailoni. Bodaboda ilipata pancha Mabatini, akakimbia hadi akapata nyingine. Hela zilikuwa za elfu kumikumi, zinanuka dagaa. Masalu akazihesabu mara mbili makusudi, akilamba kidole. Mara ya pili Rebeka akamwambia, "Zimetimia, na umeshasema zimetimia. Saini."

Mzee Mayala akasaini kwanza. Nikasaini mimi, na kwenye mstari wa chini nikasaini tena, palipoandikwa kwamba milioni mbili nimezilipa huku nikipinga. Hati ya nyumba ikahamia upande wa Rebeka, yeye ndiye wa kuipeleka ofisi ya ardhi ibadilishwe jina. Masalu akatia hela kwenye begi, akavuta zipu.

Ndipo mzee akasema.

"Ni kweli nilimwambia. Nilimwambia alipe giza likiingia."

Masalu akasema, "Baba!" kama anamkemea mtoto.

"Nilimwambia," akarudia. "Kila mara. Mama Ogweno, unisamehe."

Sasa ndiyo anasema! Baada ya wino kukauka, saa kadhaa tangu nimuulize nikiwa nimesimama mbele yake kama mshitakiwa. Ningeweza kumkumbatia na ningeweza kumzaba kibao, vyote kwa wakati mmoja. Nilikuwa nampenda yule mzee. Alinipa nyumba wakati hakuna mtu aliyetaka kunisikiliza, na hilo silisahau.

"Wakili, umesikia?" nikauliza.

"Nimesikia," Rebeka akasema, na kalamu yake tayari ilikuwa inaandika.

Nikamgeukia mzee. Sikupandisha sauti. Ooko anasema ndiyo mara ya kwanza kuniogopa.

"Nimekusamehe, mzee. Sasa mwambie mwanao afungue begi."

Mzee Mayala akaliangalia lile begi kwenye mapaja ya Masalu. Halafu akashika fimbo yake, akainuka taratibu, akatangulia mlangoni, na mwanawe akamfuata na begi lake.

"Twende nyumbani," Ooko akaniambia.

"Nenda wewe," nikasema, nikavuta kiti karibu na meza ya Rebeka. "Mimi bado nina kesi ya kuandika."