Ruta Ndani ya Kabati la Vikombe

Mama yangu akisema neno, limesemwa. Aliwahi kumnunia mdogo wake kwa maneno ya jikoni tu, na hawakusalimiana tena mpaka mama mdogo akaingia kaburini. Kwa hiyo alipotamka kwamba Kaka akimkatia simu Jumapili nyingine asimpigie tena, mimi sikucheka. Nilisimamisha cherehani nikamtazama usoni, nikaona hatanii.

Kaka anafanya kazi nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha mikate. Usiku yuko kwenye tanuri, asubuhi analala, na nafasi ya kuongea na Mama kwa kutulia anaipata Jumapili alasiri tu. Mama hujiandaa kama anakwenda harusini. Anaoga, anajipaka mafuta, anafunga kilemba, anaketi kwenye kochi na kuiegemeza simu kwenye chupa ya chai ili amwone mwanawe vizuri. Kaka anatokea, wanajuliana hali, Mama anaanza kumpa habari za mtaa, na kabla habari haijanoga uso wa Kaka unaganda mdomo wazi. Sauti inakuja vipande vipande. Kisha simu inakatika. Wakijaribu tena, yale yale.

Mambo hayo yalianza na kiangazi, muda mfupi baada ya kumzika Baba. Kaka alikuwa akiandika ujumbe kwamba ni mtandao, na Mama akawa anasema mtandao ni kisingizio cha watoto waliochoka na mama zao.

"Kama ni mtandao," aliniuliza, "mbona asubuhi natazama mahubiri mwanzo mpaka mwisho na hayakatiki?"

Katikati ya kiangazi hicho mvua ilinyesha Jumapili moja tu, na siku hiyo waliongea mpaka simu ikaisha chaji. Mama akasema leo mwanangu alikuwa na moyo na mimi. Jumapili iliyofuata jua likarudi, simu ikakatika, na ndipo alipotoa ile kauli yake.

Mimi nina hasira za karibu, na zikikosa wa kumwangukia huwa zinamtafuta. Wa kwanza kupatikana alikuwa kinyozi, jirani yetu, ambaye nilimpa nywila ya intaneti kwa roho nyeupe. Nikajiambia kumbe huyu alasiri anawawekea wateja wake mpira, anatumalizia intaneti. Nikabadilisha nywila bila hata kumwambia. Akaja mlangoni kuuliza, nikampa vidonge vyake, akaondoka kimya huku ameshika kitana. Alasiri ile intaneti ikawa inatambaa vile vile. Nilimwonea mtu wa watu, na aibu yake niliimeza mwenyewe.

Nikamwita fundi wa kampuni ya mtandao. Alikuja asubuhi, kijana mtaratibu, akapima waya unaoingia nyumbani, akapima ruta, kile kisanduku kinachotusambazia intaneti, akaniwekea video tatu kwa mpigo na zote zikakimbia kama maji. Akasema kila kitu kizima. Nikamwambia arudi alasiri, akasema alasiri ana foleni ya nyumba nyingine, lakini aliniachia namba yake.

Sasa hapa lazima niseme namna nyumba yetu ilivyo. Ruta ile aliinunua Kaka mwenyewe alipokuja likizo, na siku ya kuondoka alimwambia Mama, "Hii itunze." Kwa Mama, kutunza kitu ni kukiweka kwenye kabati la vioo la sebuleni, pamoja na vikombe ambavyo havijawahi kuona chai, na kukifunga kwa ufunguo anaoulaza kifuani. Nyaya zilipitishwa kwenye tundu la nyuma. Juu yake akaifumia kitambaa cha uzi mweupe, kizito, chenye matundu mawili ya kutokezea antena. Hakuna mgeni aliyeingia kwetu asiyeonyeshwa. Na siku fundi alipokuja, Mama aliitoa tangu alfajiri, akaivua kitambaa, akaifuta vumbi, akaiweka mezani imsubiri, maana huwezi kumwita mtu akakute kitu kichafu. Fundi alipoondoka, ikarudi kabatini. Mimi nilikuwepo, nikaona ni ustaarabu tu.

Basi Ijumaa alasiri, nimekaa na vazi la bibi harusi magotini, nikajaribu kufungua picha ya mshono na ikagoma katikati. Damu ikanichemka. Nikampigia fundi kwa salio langu, nikamwambia sasa hivi ninavyoongea na wewe hali ndiyo hii, usiniambie kitu kizima. Hakukasirika. Akaniambia nisogee karibu kabisa na ruta nijaribu tena, nikajaribu, ikawa nzito vile vile. Akaangalia huko kwake, akasema waya hauna tatizo, ila anaona ruta yenyewe inajizima na kujiwasha, na inafanya hivyo alasiri tu.

"Iguse," akasema. "Ina joto?"

"Siwezi kuigusa, imefungiwa."

"Imefungiwa wapi?"

"Kabatini."

"Mbona mimi niliikuta mezani?"

Nikamweleza. Aliniuliza kama jua linafika kwenye hilo kabati, nikageuka kutazama, na jua lilikuwa limejaa kwenye vile vioo mpaka vikombe vinang'aa. Nimeishi kwenye sebule hiyo miaka yote, na sikuwahi kuliona jua hilo kama kitu kinachofanya kazi. Fundi akanieleza kwamba ruta ikiwaka inatoa joto lake yenyewe, na yale matundu ya ubavuni ni ya kulitolea nje. Ukiifunika na kuifungia, joto halina pa kwenda, na jua likipita kwenye kioo linaongeza la kwake. Ikizidiwa inapunguza kasi ili isiungue, na ikizidiwa zaidi inajizima. Jua likiondoka inapoa, ndiyo maana asubuhi inakuwa na nguvu zake zote. Mimi ni fundi cherehani, na pasi yangu hujikata ikifika moto wake, kwa hiyo nilimwelewa mara moja.

Nikafunga kibwebwe. Nilimfuata Mama uani nikamwambia ruta itoke kabatini leo hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akarudi kwenye nguo zake za kufua.

"Niiweke nje ipigwe vumbi," akasema, "ili akija aseme Mama hatunzi vitu vyangu?"

Nikamwambia si vumbi, ni joto. Akasema kabati hilo limetunza vyombo tangu hajanizaa na hakuna kikombe kilichowahi kuugua. Nikamwomba ufunguo, akakunja uso. Jumamosi nikajaribu tena kwa upole, kisha kwa ukali, na vyote viwili vikagonga ukuta. Nilimtumia Kaka ujumbe kumweleza, akajibu kwa kifupi kwamba sawa, lakini anadhani tatizo si ruta. Sikumwelewa, na sikuwa na muda wa kumwelewa. Nilichojua ni kwamba Mama akila kiapo hakitapiki, na baada ya kesho ningekuwa na mama na kaka wasiozungumza.

Jumapili jua lilikuja na nguvu zake. Nilining'iniza shuka dirishani, Mama akaliondoa, akasema mwanawe atamwona kwenye giza. Akaketi. Simu ikaita, Kaka akatokea, wakajuliana hali. Mimi nilisimama kando ya kabati. Mama akaanza kumweleza kuhusu kisima kipya cha mtaa, na uso wa Kaka ukaganda.

Mama alinyoosha mkono polepole kuizima simu.

Niliushika mkono huo. Sijawahi kumshika mama yangu hivyo, na Mungu anisamehe. Nikamwinua kwenye kochi, nikamvuta mpaka kabatini, nikauweka mkono wake juu ya kioo.

"Kama Kaka amekukata," nikasema, "basi humu ndani kutakuwa na ubaridi. Fungua uguse. Ruta ikiwa ya baridi, sitataja tena jina lake katika nyumba hii."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo. Mlango ulipofunguka joto lilitupiga usoni wote wawili. Akaingiza mkono chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, akautoa upesi.

"Ina homa," akasema.

Alikivua kitambaa, akaniamuru nichomoe waya wa umeme, na yeye mwenyewe akaibeba kwa mikono miwili huku mimi nikiupitisha ule waya mwembamba wa mtandao taratibu usipindike. Tukaiweka juu ya kigoda kwenye ukuta wa upande wa pili, ambako jua halifiki, imesimama wima, haina kitu juu yake. Mama akaenda jikoni akarudi na upepeo. Akapiga magoti mbele ya ruta akaanza kuipepea, jasho linamtoka, kilemba kimelegea. Nilimwambia itapoa yenyewe. Akaniambia nimwache.

Ilipopoa nikaiwasha. Tukangoja taa zote zikae sawa. Niliogopa Kaka ameshakata tamaa na kulala, kwa hiyo nikapiga mimi, nikamwekea Mama simu mbele yake pale pale sakafuni. Kaka akapokea, macho mekundu.

"Mama," akasema, "mimi nilijua unanizimia simu."

"Nikuzimie simu mimi?"

"Tangu nilipokosa kuja kumzika Baba. Nikipiga tunaongea kidogo, unanyamaza, unakata. Nikajua hujanisamehe, nikawa naandika ni mtandao ili nisikulaumu. Nikasema nitaendelea kupiga tu, hata ukate kila Jumapili."

Miezi yote hiyo kila mmoja wao alikuwa ameketi upande wake akiamini anasukumwa, na Kaka bado alikuwa akipiga. Mama aliuweka upepeo chini. Alimwambia hakuwa na kinyongo naye hata siku moja, kwamba Baba mwenyewe kabla ya kufa alisema mtoto abaki kazini, na kwamba ni yeye aliyeifungia ruta kabatini kwa mikono yake ili aitunze. Alisema yote bila kumung'unya maneno, na simu haikukatika.

Kisha Kaka akanyamaza. Uso wake ukabaki pale pale kwenye kioo, hautikisiki, mdomo umefunguka kidogo, kama Jumapili zote zilizopita. Mama akanigeukia kwa hofu. Mimi nikaitazama ruta, taa zake zote zilikuwa sawa, nikaigusa, ilikuwa ya baridi.

"Mwanangu," Mama akasema, "umeganda?"

"Hapana, Mama," Kaka akasema. "Nipo. Nalia tu."