Mbolea Iliyokuwepo

Malimi, mwenye duka la pembejeo Mwanjelwa, alinipigia kabla sijamaliza chai, huku kwangu Kihesa.

"Kalista, jana walioandika mborea kwenye tovuti yangu ndio walioambiwa hakuna. Leo hata anayeandika mbolea anaambiwa hakuna. Umenifanyia nini?"

Nilikata simu nikafungua kompyuta ninayotunzia tovuti yake. Wateja wetu wengi huchanganya l na r, nami sina hamu ya kumfundisha mtu kuandika anapotaka kununua. Ndiyo maana usiku niliiamuru programu igeuze kila l kuwa r. Kwa haraka zangu niligeuza maneno ya mteja tu. Faharasa ya kutafutia bidhaa ilibaki na l zake, basi hakuna kilicholingana.

Nilianza kuijenga upya kwa kanuni ileile, nikiacha majina ya dukani yaonekane kama yalivyo. Ilipokwisha nilijaribu mbolea, nikajaribu mborea. Zote zikaja.

Sikujiamini. Nilimpigia mama, anayelima mpunga Ubaruku, nikamwomba atafute mbolea kwenye tovuti hiyo kwa simu yake, aandike anavyoandika siku zote.

"Nimeiona," alisema. "Kumbe mnayo? Wiki nzima natafuta naambiwa hakuna, nikajua mmeishiwa. Nimeshapanda bila mbolea, mwanangu."

Malimi akapiga tena, bila shaka kuuliza kama imekaa sawa. Niliiacha simu iite.