Barua ya Kumkabidhi Bi Mwajabu

Leodegar alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi akizidi kuwa hivyo hufanya mambo ya ajabu. Mwezi Machi mwaka 1953 alimwandikia barua mwanamke asiyejua kusoma, akaibandika stempu, akaipeleka mpaka posta ya mjini, ili isafiri kurudi Chang'ombe ilikotoka, kwa mtu anayekaa hatua mia tatu kutoka mlangoni pake. Na wala hakuwa mlevi.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua. Alikuja Dar es Salaam kutoka Bukoba akiwa karani wa serikali, akaacha ukarani, akanunua mashine ya taipu iliyokwisha tumika, akaweka meza barazani. Watu walimletea maneno yao naye akayapiga chapa: maombi ya kazi, malalamiko ya viwanja, salamu za nyumbani. Kila barua alibakiza nakala ya kaboni, akaifungia kwenye kabati, kila mteja na jalada lake. Hakumwonyesha mtu hata mmoja jalada la mwingine. Kwa hilo alisifika hadi Temeke.

Nyumbani alikaa peke yake. Mkewe, Kokuberwa, alikuwa amefariki mwaka wa nne sasa, na watoto hawakujaliwa. Mchana watu walikuja na shida zao wakaondoka nazo zikiwa ndani ya bahasha. Jioni alikula alichopika, mara nyingi kikiwa kimeungua chini, akaosha sahani moja.

Mteja wa Jumanne alikuwa Bi Mwajabu, mjane wa makamo ya kizee, mzaliwa wa hapo hapo. Mwanawe Mwinshehe alikuwa bandarini Mombasa, na kila Jumanne saa tatu mama huyo alifika kumwandikia. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Iliyokuwa ndefu ni mazungumzo ya kabla yake. Bi Mwajabu alisema habari za mtaa mzima, akamcheka Leodegar kwa suruali yake iliyokatika mkanda, akamletea mkate wa kumimina, akamgombeza kwa kutokula. Barua ikiisha aliichukua mwenyewe kwenda kuitia posta. Hakupenda kumtuma mtu. Mwinshehe alijibu mara chache sana, na Leodegar alimchukia kijana huyo kimya kimya bila ya kumwona.

Basi likaja jambo la wakili. Wakili mmoja wa mjini alikuwa na kesi kubwa ya mashamba, mashahidi arobaini na kitu, wote wamesema kwa Kiswahili, na maneno yao yote yalitakiwa kwa Kiingereza kabla ya mahakama kukaa. Alimtaka Leodegar ofisini kwake kila siku, asubuhi hadi jioni, kuanzia tarehe mosi Aprili, kwa miezi minne. Leodegar akakubali. Angekataaje? Kazi kama hiyo humjia mwandishi wa barazani mara moja, na huenda isimjie tena.

Wateja wengine hawakumsumbua moyo. Aliwaambia wakija, wakaitikia, wakaenda zao. Lakini Bi Mwajabu alimshinda. Jumanne ya kwanza alijiandaa kumwambia, mama akaingia na mkate, akaanza kisa cha jirani aliyefukuzwa na bata, na maneno yakamkwama. Jumanne ya pili ikawa vile vile. Ndipo akafanya lile analolijua. Aliketi mashineni akaandika barua, nzuri kabisa, isiyo na kosa hata moja.

Kwanza lakini alikwenda Temeke kwa Mfaume. Huyu alikuwa zamani wa posta, sasa anaandika barua kwa mkono, hati yake safi, mdomo wake mzito. Leodegar alimuuliza kama ana nafasi ya mteja mmoja wa kila wiki, naye akasema anayo. Bila ya hivyo asingethubutu kumtaja. Kisha akaipeleka barua mjini. Alijiambia kwamba kazi ni kazi na taratibu ni taratibu. Ukweli ni kwamba aliogopa kuuona uso wa yule mama.

Barua za mtaa wao zilipitia sanduku la posta la mwenye duka la pembeni. Jumamosi Bi Mwajabu akapewa bahasha yenye jina lake na stempu. Mwenye duka alijitolea kumsomea. Akakataa. Barua zake zilisomwa na mtu mmoja tu.

Jumanne saa tatu akaingia barazani kwa Leodegar amevaa kanga mpya, mkate mkononi, bahasha kifuani.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, karani. Leo hatuandiki kwanza, leo tunasoma!" Akaketi, akaitoa ile bahasha kwa vidole viwili. "Mwanangu kaniandikia. Toka Jumamosi ninayo. Nimelala nayo chini ya mto siku tatu. Nimewaambia watu wote wa kisimani. Haya, nisomee."

Leodegar aliitazama. Herufi W kwenye mashine yake ilikuwa imepinda kidogo, na hapo kwenye jina la Mwajabu ilikuwa imepinda. Hapo hapo wazo likamjia la kusema uongo. Angeweza kubuni barua ya Mwinshehe papo kwa papo, yenye salamu na ahadi ya kuja Idi, na mama angerudi nyumbani anacheka. Nani angejua? Alishika ile bahasha muda mrefu mpaka Bi Mwajabu akamuuliza kama macho yanamsumbua.

"Bi Mwajabu, hii haitoki Mombasa."

"Inatoka wapi?"

"Inatoka kwangu."

Mama hakuelewa. "Kwako wapi?"

"Kwangu hapa. Mie ndiye niliyeiandika."

Bi Mwajabu alimtazama, akaitazama bahasha, akamtazama tena. Akaifunga kanga yake vizuri mabegani. "Basi isome," akasema. "Barua ikifika husomwa."

Akaisoma.

"'Kwa Bi Mwajabu, salaam sana. Nasikitika kukuarifu kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili nitakuwa kwenye kazi ya wakili mjini kila siku, hata nisiweze kukuandikia kama ilivyo desturi. Sitaki uje ukute mlango umefungwa. Nakukabidhi kwa Bwana Mfaume wa Temeke, jirani na soko. Namjua miaka saba. Ni mwaminifu, hati yake inasomeka, na siri ya mtu haitoki kinywani mwake. Nimemuuliza, ana nafasi, na malipo yake ni kama yangu. Nakala za barua zako nitampa ukiniruhusu tu, ili ajue mlipofikia. Usiponiruhusu zitabaki kabatini. Ukipenda kwenda kwa mwingine, ni hiari yako. Nakushukuru kwa miaka yote. Wako mtiifu, Leodegar.'"

Mwanamke wa jirani alikuwa akitwanga, na kinu chake kilisikika wazi.

"Soma tena pale pa mlango umefungwa," Bi Mwajabu akasema.

Akasoma tena.

"Kwa hiyo si ya Mwinshehe."

"Si yake, mama. Nisamehe."

"Haya." Akajifuta uso na ncha ya kanga, haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Weka karatasi mashineni. Barua ikifika hujibiwa."

"Unamjibu nani?"

"Namjibu huyo aliyeniandikia. Wewe piga tu."

Leodegar akaweka karatasi mbili na kaboni katikati, kwa mazoea. Mama akakaa wima, akayatazama mabati ya nyumba ya jirani, wala si yeye.

"Kwa Bwana Leodegar. Barua yako nimepata. Nimeelewa. Kazi ni riziki, sikulaumu, na hao mashahidi uwaandike vizuri. Umepiga?"

"Nimepiga."

"Huyo Mfaume nitamwendea. Ukisema ni mtu mwema basi ni mwema. Nakala mpe, nimeruhusu. Ila ile ya ugomvi wangu na mke wa Mwinshehe usimpe. Ile ichane. Halafu weka hivi. Toka kwako mpaka kwangu ni hatua mia tatu. Mie nazijua, nazihesabu kila Jumanne, miguu inaniuma. Wewe ni kijana kuliko mie. Ulishindwa kuzitembea?"

Vidole vya Leodegar vikasimama.

"Mbona hupigi?"

Akapiga. Alama ya kuuliza aliibonyeza taratibu.

"Basi. Salamu nyingi. Mwajabu."

Akamsomea yote kama alivyomsomea mamia ya barua nyingine. Mama akatia dole gumba kwenye wino, akabonyeza chini ya jina lake, akaichukua barua. Mkate akauacha mezani. Siku hiyo hawakuandika ya Mombasa, wala hakusema kisa cha mtu yeyote. Leodegar alimwambia tu aangalie ngazi.

Jumamosi mwenye duka akampa bahasha. Alijua kilichomo, neno kwa neno. Hata hivyo aliifungua kwa kisu, pole pole, akaketi kuisoma. Yote yalikuwa pale, dole gumba pia. Chini ya dole gumba palikuwa na maneno mengine, kwa wino, kwa hati safi aliyoijua.

"Mimi Mfaume. Bi Mwajabu amenijia leo, ameniomba niongeze haya, naandika alivyosema. Karani, haya sikuweza kukwambia nawe umekaa mbele yangu. Barua za Mwinshehe nilikuwa natia posta moja kwa mwezi. Nyingine zote ninazo nyumbani, kwenye kikapu. Nani anamwandikia mwanawe kila wiki? Nilikuwa nakuja kukaa."

Leodegar akaisoma mara tatu. Akalia, mtu mzima, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi.

Alipotulia akaweka karatasi mashineni. Akapiga: Kwa Bi Mwajabu. Akasimama hapo. Nani atakayemsomea? Mfaume, bila shaka. Kila atakachokisema, Mfaume atakisema kwanza. Akaichomoa ile karatasi.

Jumanne ilikuwa tarehe thelathini na moja, siku yake ya mwisho kabla ya wakili. Saa tatu ikapita. Alikaa barazani akitazama njia, ingawa alijua kwamba haji. Saa nne akavaa viatu, akashuka ngazi, akaanza kutembea. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na hakuwahi kuzitembea hata siku moja.

Mlango wa Bi Mwajabu ulikuwa umefungwa. Jirani yake, aliyekuwa akianika nguo, akamwambia kwamba bibi ametoka alfajiri kwenda Temeke kwa mwandishi wake mpya, na juzi alipokwenda huko alikawia, maana wanazungumza sana.

"Wanazungumza? Na yule Mfaume?"

"Ee, anasema anamchekesha kweli. Una barua yake nimpe?"

"Hapana," Leodegar akasema. Akaketi kwenye baraza la udongo, magoti yakamfika kifuani. "Sina barua. Nimekuja kukaa."