Sababu Zilizo Nyuma ya Kadi

Tangu matokeo yatoke, fundi wa mashine ya kuchapa ya shule alikuwa na wimbo mmoja tu: mkuu wa shule ndiye aliyemwangusha binti yake kemia. Si ndiye aliyemhamisha mwalimu wa somo mwezi mmoja kabla ya mtihani, watoto wakabaki na kadi za marudio alizowaandikia, swali mbele na jibu nyuma? Wakubwa hula nyama, wadogo huguguna mifupa. Fundi alikuwa mgane mwenye mtoto mmoja, na mtoto alitaka chuo cha ufamasia. Chuo hakimchukui aliyeanguka kemia.

Asubuhi moja mwalimu mpya wa kemia aliingia chumba cha mashine na kadi mbili.

"Mzee wangu, hizi ulichapa wewe?"

"Nani mwingine? Mkuu alizitaka ndani ya saa moja, kama vile mimi ni mashine."

"Hebu soma hii."

Akasoma kwa kujikokota. "Kutoka kushoto kwenda kulia katika jedwali la elementi, atomi husinyaa. Kwa nini?"

"Geuza."

"Magamba ya elektroni yanaongezeka. Elektroni za nje zinakaa mbali, za ndani zinazikinga. Kwa hiyo kiini kinazivuta kwa nguvu ndogo."

"Hiyo ni sababu ya atomi kupanuka ukishuka chini katika kundi. Ukienda kulia, protoni zinaongezeka, gamba la nje ni lile lile, kinga haibadiliki sana. Kiini kinavuta kwa nguvu zaidi, atomi inasinyaa." Akainua kadi ya pili, iliyouliza juu ya kushuka katika kundi. "Sababu hiyo imekwenda kwa jirani. Na kadi zote ziko hivyo."

Fundi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kadi mbili kwa karatasi, ubavu kwa ubavu: karatasi ikigeuzwa, ya kushoto huangukia kulia. Lazima upande wa nyuma upangwe kinyume. Miaka ishirini alilijua hilo. Siku ile alikuwa akimlaani mkuu kimoyomoyo huku akilisha mashine, wala hakuangalia.

Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Kabla ya mtihani binti yake alikuwa amemuuliza mezani, "Baba, kama mvuto umelegea, mbona atomi inasinyaa?" Naye akamjibu, "Mwalimu ameandika, wewe unabishana? Kariri."

Jioni alimkuta akifua. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu, zile kadi niliziharibu mimi. Si mkuu."

Binti aliendelea kukamua shati. "Nilijua hazikai sawa."

"Mbona basi ukaandika hivyo hivyo kwenye mtihani?"

"Niliandika yangu kwanza. Nikayafuta." Akalikung'uta shati. "Ulisema nisibishane na mwalimu."

Fundi alitafuta wa kumlaumu, hata mmoja, asimpate. Akainuka, akamsaidia kuanika, naye binti akampisha kwenye kamba bila kumtazama.